Kompyuta Ikiganda: Je, Kuizima kwa Nguvu Kunaiharibu?

Mshale wa kipanya umekwama katikati ya skrini. Kibodi haijibu, feni inavuma, na spika zinarudiarudia kipande kilekile cha sauti. Hapo wengi hufanya moja kati ya mawili: hushikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime, au huchomoa waya ukutani. Baadaye ndipo hofu huingia. Je, kompyuta imeumia? Na kazi iliyokuwa imefunguliwa imepona?

Kushikilia kitufe na kuchomoa waya kunatofautianaje?

Kitufe kikibonyezwa mara moja na kuachiwa, huwa ni ombi tu. Mfumo endeshi, kama Windows au Linux, hupokea taarifa na, ukiwa umepangwa kuzima, hufunga programu, huandika diskini kilichobaki, kisha huzima. Mfumo ulioganda hauwezi kulishughulikia ombi hilo. Kwa sababu hiyo kiwango cha ACPI, kinachofuatwa na kompyuta nyingi za mezani na za mapajani, kinaruhusu njia ya pili: kitufe kikishikiliwa kwa zaidi ya sekunde 4, saketi za ubao mama hukata umeme zenyewe bila kuushirikisha mfumo endeshi. Baadhi ya laptopu hutaka kushikiliwa kwa muda mrefu zaidi.

Waya ukichomolewa, pawa saplai hubaki na chaji kidogo kwenye kapasita zake, ya kuendesha mashine kwa takriban milisekunde 16 tu. Muda huo hautoshi kuokoa hati yoyote. Kwa upande wa faili, basi, njia zote mbili ni sawa. Tofauti iko kwenye soketi: plagi inayochomolewa mashine ikiwa inafanya kazi inaweza kupiga cheche, na anayevuta waya wa ekstensheni huzima na vingine vyote vilivyochomekwa humo. Kwa laptopu yenye betri nzima, kuchomoa chaja hakuzimi chochote.

Vifaa vyenyewe huumia?

Hofu hii ina asili ya kweli. Kwenye kompyuta nyingi za miaka ya 1980, mtumiaji alipaswa kuendesha amri ya kuegesha vichwa vya diski kabla ya kuzima, la sivyo vingetua juu ya sehemu yenye data. Diski za leo hazimsubiri mtu. Umeme ukikatika, sahani huwa bado zinazunguka, na mota yake hugeuka jenereta: nguvu ya mzunguko huo ndiyo inayovirudisha vichwa mahali pake pa kuegeshwa.

Hata hivyo, kuegesha kwa dharura ni kwa kasi na kunachosha zaidi. Kuna diski za laptopu ambazo watengenezaji wake walizikadiria kuhimili maegesho ya kawaida mara 600,000, lakini ya dharura mara 20,000. Mtu akizima kwa nguvu kila siku, itamchukua zaidi ya miaka 50 kuifikia idadi hiyo.

Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka, lakini zina udhaifu wao. Ndani yake kuna jedwali linaloonyesha kila kipande cha data kimewekwa wapi, na jedwali hilo hubadilika kila zinapoandikwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na maabara za HP walizikatia umeme SSD 15 kwa makusudi, tena na tena, zikiwa zinaandika. Kati ya hizo, 13 zilionyesha hitilafu, zikiwemo data iliyoharibika na data iliyopotea. Lakini yalikuwa mateso ya makusudi: diski zilikuwa kazini kila umeme ulipokatwa. SSD iliyotulia iko kwenye hatari ndogo zaidi.

Faili hupotea vipi?

Tuchukue mhasibu wa duka aliyefungua hesabu za mwezi kwenye Excel. Alihifadhi saa 4:00, akaendelea kuandika, na saa 4:08 kompyuta ikaganda. Alichoandika katika dakika hizo 8 kiko kwenye ram pekee, na ram hufutika umeme unapokatika. Excel huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 kama mipangilio haijabadilishwa, kwa hiyo huenda hata nakala hiyo haina kazi hiyo mpya. Faili ya saa 4:00, kwa upande wake, iko salama.

Na kama kompyuta ingeganda wakati akihifadhi? Excel haiandiki juu ya faili ya zamani. Kwanza huandika faili mpya ya muda, na ikikamilika ndipo huipa jina la ile ya awali. Kazi ikikatikia njiani, kwa kawaida hubaki ile ya zamani ikiwa nzima, pamoja na faili ya muda yenye jina lisiloeleweka.

Windows nayo ina kinga yake. Mfumo wa NTFS huandika kwanza kwenye daftari la ndani kila badiliko unalotaka kulifanya kwenye orodha ya faili, na kompyuta ikiwashwa tena hulisoma ili kukamilisha au kufuta lililoachwa nusu. Lakini daftari hilo hulinda orodha, halilindi maudhui. Ndiyo maana mtu anaweza kukuta faili yenye jina na ukubwa sahihi, lakini ndani imejaa sifuri tupu.

Flashi nyingi hutumia FAT32, isiyo na daftari hilo kabisa. Mhasibu akizima kompyuta huku nakala ikiingia kwenye flashi, vipande vya faili vinaweza kubaki bila mwenyewe. Ukaguzi wa diski huvikusanya kwenye folda ya `FOUND.000` kwa majina kama `FILE0000.CHK`, na kujua kipi ni cha hati gani ni kazi ya kubahatisha.

Nini kifanyike kabla ya kushika kitufe?

Kwanza ibonyezwe Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, mfumo bado uko hai, na `Ctrl+Shift+Esc` huenda ikafungua orodha ya programu zinazoendeshwa, ambamo iliyokwama inaweza kufungwa peke yake. Kwenye Windows, `Win+Ctrl+Shift+B` huanzisha upya draiva ya skrini, na wakati mwingine picha hurudi.

Visipojibu, itazamwe taa ya diski kama ipo. Ikiwa inapepesa, isubiriwe itulie kwa dakika moja au mbili. Windows na Linux huhamisha data kutoka ram kwenda diskini kidogokidogo hata bila kuambiwa, na Linux kwa kawaida haiachi data isiyoandikwa kwenye ram kwa zaidi ya sekunde 30 hivi. Taa ikishatulia, kitufe kishikiliwe.

Hali moja haina njia ya mkato: kompyuta inapobadilisha programu ya BIOS. Umeme ukikatika hapo, ubao mama unaweza kukataa kabisa kuwaka.

Na baada ya kuwasha tena?

Faili iliyokuwa wazi ifunguliwe na kukaguliwa ndani, jina pekee lisiaminiwe. Kisha, kwenye dirisha la amri la msimamizi, diski ikaguliwe:

```
chkdsk C: /scan
```

Kwenye Event Viewer kutakuwa na tukio namba 41 la Kernel-Power. Likionyesha `PowerButtonTimestamp` isiyo sifuri, ni kitufe kilichoshikiliwa. Ikiwa ni sifuri, na `BugcheckCode` pia ni sifuri, ilhali hakuna aliyegusa mashine, fundi aanze kwa kupima pawa saplai, joto na ram.