Mchana Amelala Mno, Usiku Halali

Mtoto wa miaka 2 anayerukaruka kitandani saa 4 usiku mara nyingi si mkaidi. Hana usingizi. Hamu ya kulala huongezeka kadiri mtu anavyokaa macho, na kila anapolala hupungua. Mtoto aliyeamka saa 11 jioni hawezi kuwa na usingizi wa maana saa 2 au saa 3 usiku, hata akiimbiwa na kubembelezwa.

Chukua mfano wa nyumba ambayo wazazi wanashinda kazini. Dada anamlaza mtoto saa 7 mchana baada ya chakula, naye analala hadi saa 11. Usiku analala saa 5, na saa 12 asubuhi nyumba nzima iko macho. Ukijumlisha, mchana kalala saa 4 na usiku saa 7, yaani saa 11. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Kwa hiyo mtoto huyu analala vya kutosha, ila saa nyingi mno zimehamia mchana.

Dawa ni kumwamsha mapema, lakini polepole. Leo aamshwe dakika 15 kabla ya muda wake, akae hivyo siku 3, kisha punguzeni dakika 15 nyingine, mpaka awe anaamka saa 9 alasiri. Hapo atakuwa amelala saa 2, na atakaa macho saa 6 kabla ya saa 3 usiku. Asubuhi aamke saa ileile hata kama jana alichelewa kulala. Akiachwa afidie asubuhi, kazi yote inaharibika. Kumwamsha kusiwe kwa kumnyanyua ghafla: fungua pazia, zima feni, mguse mgongoni, mpe maji, kisha mtoke nje kwenye mwanga.

Ukipunguza kupita kiasi utajua. Magharibi atalia kwa kila kitu, atasinzia akila, au ataanza kuamka alfajiri. Hapo mrudishie dakika 15 au 30. Wala msimnyime kabisa usingizi wa mchana. Wengi wa umri huu bado wanauhitaji, na mtoto aliyechoka mno huhangaika zaidi usiku.

Utaratibu huu si wa mtoto mchanga, wala wa mtoto mwenye homa; huyo mwacheni alale. Anayekoroma kila usiku au kuhema kwa shida usingizini apelekwe kwa daktari. Na kama wako analala mchana saa 3, na usiku bado analala mapema bila kuhangaika, msimwamshe.

Kabla ya kuanza, kaa na dada au bibi mkubaliane saa ya kumwamsha, maana mchana mtoto yuko mikononi mwao.