Kura za Mshika Mkia

Tarehe 7 Novemba 1990 wananchi wa Ayalandi walipiga kura kumchagua rais wao, na wagombea walikuwa watatu. Brian Lenihan alisimamishwa na Fianna Fáil, chama ambacho hakikuwa kimewahi kushindwa katika uchaguzi wa rais. Mary Robinson, mwanasheria, aliungwa mkono na chama cha Leba. Wa tatu alikuwa Austin Currie wa Fine Gael. Hesabu ya kwanza ilipokamilika, Lenihan alikuwa na kura 694,484, Robinson 612,265 na Currie 267,902.

Kwa utaratibu wa Tanzania, ambapo rais ni yule aliyepata kura nyingi kuliko wenzake, Lenihan angekuwa ameshinda. Kwa utaratibu wa Kenya, ambako rais lazima avuke nusu ya kura zote, wananchi wangerudi vituoni kwa duru ya pili. Waayalandi hawakufanya hili wala lile. Duru yao ya pili ilikuwa imeshaandikwa kwenye karatasi zile zile walizokwisha kupiga.

Mpiga kura wa Ayalandi haweki alama ya vema mbele ya jina moja. Anaandika 1 kwa mgombea anayempenda kuliko wote, 2 kwa yule ambaye angemchukua kama wa kwanza hayupo, na kuendelea hivyo. Halazimiki kupanga wote. Anaweza kuishia kwenye 1. Karatasi zote huhesabiwa kwanza kwa chaguo la kwanza. Akipatikana mwenye zaidi ya nusu, kazi imekwisha. Asipopatikana, mshika mkia anaondolewa, karatasi zake zinapitiwa upya moja moja, na kila karatasi inakwenda kwa mgombea anayefuata ambaye bado yumo. Wakiwa wagombea ni wengi, hatua hiyo hurudiwa, mkia baada ya mkia, mpaka mmoja avuke nusu.

Kura halali za mwaka ule zilikuwa 1,574,651, kwa hiyo aliyetaka kushinda alihitaji 787,326. Lenihan alipungukiwa na kura zipatazo 93,000. Robinson alihitaji zaidi ya 175,000, yaani karibu karatasi mbili katika kila tatu za Currie. Vituo havikuweza kuamua jambo hili vyenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa karatasi za Currie kwa hesabu ya pili kabla takwimu za nchi nzima hazijafika Dublin na kuthibitisha kuwa yeye ndiye wa mwisho. Nchi inayotaka kuufuata utaratibu huu lazima ilifikirie hilo mapema: kituo kinaweza kutangaza machaguo ya kwanza, lakini hatua ya kuondoa ni ya taifa zima, na karatasi zinapaswa kutunzwa salama muda wote huo.

Karatasi 205,565 za Currie zilikwenda kwa Robinson, zaidi ya tatu katika kila nne. Lenihan alipata 36,789. Zilizobaki, 25,548, hazikuwa na jina lingine lililopangwa, zikawekwa kando. Robinson akafikisha 817,830 na kuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza Ayalandi. Wasomaji wa Kongo, Rwanda na Burundi huenda wanamkumbuka kwa kazi nyingine: mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulimtuma kama mjumbe maalumu wa eneo la Maziwa Makuu.

Watu wengi hudhani Currie ndiye aliyempa Robinson kura zile. Hakumpa, wala hakuwa na uwezo huo. Ni kweli viongozi wa Fine Gael waliwaomba wafuasi wao wamweke Robinson wa pili, lakini ombi ni ombi tu. Aliyeamua ni mwenye kalamu ndani ya chumba cha kura, na zaidi ya watu 36,000 waliamua kinyume na ombi hilo.

Kuna jambo jingine ambalo naona halielezwi vya kutosha. Wafuasi wa Lenihan nao walipanga 1, 2, 3. Machaguo yao ya pili hayakusomwa kabisa, wala ya wafuasi wa Robinson. Chaguo lako la pili husomwa tu ikiwa mgombea wako wa kwanza ameanguka. Kwa hiyo nani anaanguka, na lini, ndilo jambo zito kuliko yote katika hesabu hii. Mwaka 1990 halikuleta shida. Huko Alaska, Marekani, mwaka 2022 lilileta.

Alaska ilikuwa inajaza kiti cha Bunge la Marekani baada ya mbunge wake kufariki. Uchaguzi ulifanyika tarehe 16 Agosti. Baada ya majina machache yaliyoandikwa kwa mkono kuondolewa, walibaki watatu: Mary Peltola wa chama cha Demokrati, mwenye kura 75,799, na Warepublikani wawili, Sarah Palin mwenye 58,973 na Nick Begich mwenye 53,810. Begich ndiye aliyeshika mkia. Karatasi zake 27,053 zilikwenda kwa Palin na 15,467 kwa Peltola. Nyingine zaidi ya 11,000 hazikuwa na pa kwenda. Peltola akashinda kwa 91,266 dhidi ya 86,026.

Karatasi zilipotolewa hadharani na kuchunguzwa, ilionekana kwamba Begich, aliyeondolewa wa kwanza kati ya watatu hao, angemshinda Palin kama wangepambana wawili tu, na angemshinda Peltola pia. Wafuasi wengi wa Palin walikuwa wamemweka wa pili, lakini Palin hakuanguka mapema, kwa hiyo hakuna aliyeyasoma machaguo hayo. Kama watu wapatao 5,200 miongoni mwa waliompanga Palin wa kwanza na Begich wa pili wangebaki nyumbani siku ile, Palin ndiye angeshika mkia, na Begich angekwenda bungeni. Wapiga kura hao walijitokeza, na kwa kujitokeza wakampata mgombea waliyempanga mwisho.

Kisha litazame neno “zaidi ya nusu”. Kura 817,830 za Robinson zilikuwa zaidi ya nusu ya kura zote halali zilizopigwa. Kura za Peltola zilikuwa zaidi ya nusu ya karatasi zilizobaki mezani tu. Ukirudisha zile zilizokosa pa kwenda, anashuka hadi kama asilimia 48. Tangazo la matokeo linapaswa kuonyesha idadi hiyo waziwazi kila hatua, ili mwananchi ajue ni nusu ya nini inayotajwa.

Kwa maoni yangu, kasoro hii haitoshi kuutupa utaratibu. Hesabu ya anayeongoza pekee ingempa Peltola ushindi ule ule, na kugawana kura kwa Warepublikani wawili kungekuwa na madhara makubwa zaidi. Hatari ya Alaska hujitokeza pale wagombea watatu wanapokaribiana nguvu na yule wa katikati akapendwa na wengi kama wa pili, lakini na wachache kama wa kwanza. Mmoja akiwa dhaifu wazi, kama Currie, hesabu hufanya kazi iliyokusudiwa.

Novemba 2024 Begich alimshinda Peltola kwa utaratibu huo huo. Siku hiyo hiyo wananchi wa Alaska waliulizwa kama wanataka kuufuta, na katika kura zaidi ya 300,000 wakaamua kuubakiza kwa tofauti isiyofika kura 1,000.