Je, Wajua? Unywele huchemka kwa ndani

Pasi ya nywele ikigusa nywele zenye unyevu, maji yaliyomo ndani huchemka na kuacha viputo kwenye unywele. Hapo ndipo hukatikia. Ule mlio wa "chsss" katika saluni ya Arua au Koboko, basi, si wa kuchekelea.

Kipimo cha unywele ulioungua ni maji. Lowesha unywele mmoja wa kipilipili: mzima hujikunja tena, ulioungua hubaki umenyooka kama uzi.

Hakuna mafuta yanayourudisha. Ncha zilizoungua hupunguzwa kwa mkasi kidogo kidogo, huku nywele mpya zikiota. Kinga yenye silikoni hupakwa kabla ya moto na kuachwa ikauke kabisa. Pasi isizidi nyuzi 180, ipite mara moja tu. Hata hivyo, kinga hupunguza madhara, haiyazuii yote.