Je, Mlikuwa Mmepatana Kweli?

Majirani wengi hugombana kwa sababu mmoja anaamini walipatana na mwenzake anasema hapana. Sheria huuliza mambo matatu: je, kulikuwa na pendekezo? Je, lilikubaliwa jinsi lilivyo? Na je, kila upande ulitoa kitu? Tuangalie kesi tatu. Ni za kubuni, lakini mtazitambua.

Kesi ya kwanza ni ya Runyenjes. Mzee Njeru amwambia Mama Wanja, "Mtamba huyu nakuuzia elfu sitini." Mama Wanja ajibu, "Mimi natoa elfu hamsini." Mzee akataa. Kesho yake mama aja na elfu sitini kamili, akute mtamba ameuzwa kwa mwingine. Je, amshtaki? Hawezi kushinda. Alipotaja bei yake mwenyewe, alilikataa pendekezo la mzee na kuleta jingine, na la kwanza likafa. Kanuni hii ilitolewa na korti ya Uingereza mwaka 1840 katika kesi ya kuuziana shamba, na Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura 23, inafuata kanuni hizo za Kiingereza. Lakini kama angeuliza tu, "Mzee, huwezi kupunguza kidogo?" hilo ni swali, si kukataa. Pendekezo lingebaki hai, mpaka mzee amwambie ameliondoa.

Kesi ya pili: jirani wa Nkubu amtumia mwenzake ujumbe, "Usiponijibu kufikia Jumapili, najua mbuzi wangu umemnunua kwa elfu nane." Mwenzake anyamaze. Jumatatu adaiwa pesa. Hadaiwi kitu! Huwezi kumfunga mtu kwa kunyamaza kwake. Kukubali lazima kuonekane, kwa maneno au kwa kitendo, kama vile kuja kumchukua mbuzi.

Kesi ya tatu ndiyo huumiza wengi. Baba Mwenda amelazwa hospitali. Jirani, bila kuombwa, amchumia majani chai siku tatu. Baba Mwenda arudi, afurahi, aseme, "Nitakupa elfu tatu." Baadaye akatae. Kortini jirani hatashinda, kwa maana kazi ilikwisha kabla ya ahadi. Hakuna alichotoa ili aipate hiyo elfu tatu, kwa hiyo ilikuwa shukrani tu. Wangepatana kabla ya kuchuma, kazi ingekuwa upande wake na pesa upande wa pili, na mkataba ungekuwepo, hata bila karatasi.

Shamba ni tofauti. Hata mkipatana bei na kupeana mikono mbele ya wazee, huwezi kumshtaki mwenzako juu ya mapatano hayo ya kuuziana ikiwa hayakuandikwa, yakatiwa sahihi na pande zote, na kila sahihi ikawa na shahidi aliyekuwepo ilipotiwa.

Basi ugomvi ukiletwa kwenye kikundi, msianze na nani mkweli. Ulizeni kwanza: nani alisema nini, kwa mpango gani, na mwenzake alijibu vipi?