Sindano ileile, majibu mawili: kilichoonekana Bagamoyo

Kila masika swali la wasomaji hurudi: mbona ugonjwa anaoupita kijana kwa siku mbili unawalaza kichanga na bibi yake? Jibu la vibarazani ni kwamba wote wawili "kinga imeshuka", na wauza chupa hapo hapo wana dawa ya kuipandisha. Wamekosea mara mbili. Kinga ya kichanga haijashuka kutoka popote, inajizuia. Ya mzee nayo inakumbuka mengi, ila imeishiwa wanafunzi wapya. Matokeo yanafanana, chanzo sicho.

Ushahidi mzuri umepatikana pwani hii hii. Kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo Bagamoyo kilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria RTS,S kuanzia 2009 hadi 2014, kwa watoto zaidi ya 15,000. Kundi moja lilianza sindano likiwa na umri wa wiki 6 hadi 12, jingine likiwa na miezi 5 hadi 17. Katika mwaka mmoja baada ya dozi tatu, kwa vituo vyote kwa pamoja, kundi la wakubwa lilipungukiwa na malaria kwa takribani nusu. La wadogo, kwa takribani theluthi moja tu. Mtu anaweza kupinga kwamba wachanga huugua malaria mara chache hata bila chanjo, kwa hiyo tofauti isingeonekana vizuri. Lakini kingamwili zilipimwa pia katika damu, na za wadogo zilikuwa chini ya nusu ya zile za wakubwa. Ni kweli vilevile kwamba wadogo walichomwa pamoja na chanjo zao za kawaida, na huenda hilo lilichangia. Hata hivyo, umri una kesi ya kujibu.

Tazama kinachotokea ndani ya tezi za limfu. Seli B zikikutana na adui hukusanyika katika vijumba vidogo, zikagawanyika na kubadilisha kidogo kidogo umbo la kingamwili zao. Humo zimo seli zenye matawi, zinazokishikilia kipande cha adui kwa wiki kadhaa kama mwalimu aliyeshika picha mbele ya darasa. Seli B inayokinasa vizuri hupata msaada wa seli T na kuendelea, isiyokinasa hufa. Mshindi huenda kukaa kwenye uboho wa mifupa na kutoa kingamwili kwa miaka. Kichanga ana seli B tele, lakini mtandao wa seli zenye matawi bado haujatandazwa, na uboho wake hauzihifadhi vizuri zinazohitimu. Juu ya hayo kuna kingamwili za mama zilizopita kwenye kondo. Zinamlinda, lakini pia huifunika chanjo kabla darasa halijaiona. Hupungua kwa nusu kila wiki tatu au nne hivi, ndiyo maana sindano ya surua husubiri miezi 9. Na kujizuia huku kuna faida: tumboni angemshambulia mama yake, na akishazaliwa angepigana na kila bakteria mwema anayehamia utumboni.

Kwa mzee kilichofungwa ni shule nyingine. Thaimasi, tezi ya kifuani inayofundisha seli T, huanza kunywea tangu utotoni, na baada ya miaka 60 sehemu yake kubwa imegeuka mafuta. Seli T zilizopo zinawajua maadui wa zamani. Mgeni akija, kama virusi vya korona mwaka 2020, wa kumkabili ni wachache, na vile vijumba vya tezi navyo vimedhoofika. Hakuna mzizi wala kidonge kilichothibitishwa kuirudisha thaimasi ya bibi, hata kikiuzwa ghali.

Wapo wanaosema basi kichanga asichomwe hadi akomae. Hoja hii inasahau kwamba kifaduro hakisubiri ukomavu, na ndiyo sababu chanjo yake hutolewa wiki ya 6, 10 na 14: darasa dhaifu hurudiwa. BCG nayo hufanya kazi tangu siku za kwanza. Pepopunda ya kichanga huzuiwa kwa kumchanja mama, ili akopeshe kingamwili zake. Maziwa ya kwanza ya manjano, ambayo bado kuna wanaoyakamua na kuyamwaga eti ni machafu, yamejaa kingamwili zinazotanda juu ya utumbo. Kuyamwaga na kumpa mtoto maji ya dawa za miti ni kumnyang'anya ngao na kumletea adui kwa kijiko.

Tena usingoje paji la uso liwake. Kichanga aliyeacha kunyonya, analegea, au ana joto chini ya 35.5 apelekwe kituoni sawa na mwenye 37.5 na zaidi. Bibi aliyeanza ghafla kuchanganya majina ya wajukuu, au aliyeanguka asubuhi wakati jana alitembea vizuri, anaweza kuwa na nimonia bila kikohozi cha maana wala homa. Apimwe siku hiyo hiyo, kabla mtu hajasema ni uzee tu.