Je, Wajua? Midomo Hubadilika Rangi, Mistari Ikabaki

Katika programu ya Photoshop, rangi ya midomo kwenye picha inaweza kubadilishwa bila kufuta mistari yake midogo wala mng'ao wake. Umbo la midomo nalo likihitaji kubadilishwa, hurekebishwa kwanza, ili rangi ifuate ukingo mpya. Ndani ya `Liquify`, brashi pana husukuma ukingo taratibu, kwani brashi ndogo huacha mawimbi. Mistari ya mdomo ikianza kupinda, msukumo umezidi.

Kisha rangi hupakwa kwenye tabaka jipya. Tabaka hilo likiachwa kwenye `Normal`, rangi hufunika kila kitu na midomo huonekana kama plastiki. Likiwekwa `Color`, hubadilisha aina ya rangi na ukolevu wake tu. Mwanga na kivuli hubaki vya picha yenyewe, na humo ndimo mistari na mng'ao vilimo. Kwa sababu hiyohiyo, `Color` haiwezi kuifanya midomo ya rangi nyepesi iwe ya damu ya mzee. Hapo hufaa `Multiply`, huku `Opacity` ikipunguzwa. Doa la mng'ao likigeuka waridi, rangi iliyo juu yake hufichwa kwa `Layer Mask`.