Kuandika Muhtasari wa Khutba: Hoja na Dalili Zake

Wakati khatibu yuko juu ya mimbari, tumeamrishwa kunyamaza na kusikiliza, wala si wakati wa kushika kalamu. Ndiyo maana rekodi ya sauti imekuwa neema katika nyumba zetu: baada ya Ijumaa familia huketi, hurudia kusikiliza, na mmoja wao huandika muhtasari ili waliokuwa kazini au wagonjwa wapate faida. Lakini muhtasari huo ukishatumwa kwa jamaa, dalili iliyokosewa husafiri nao, na kumsingizia Mtume (S.A.W.) neno si jambo jepesi. Basi tueleze namna ya kuuandika kwa usalama.

Tuchukue mfano wa khutba ya dakika 24 kuhusu haki za wazazi. Mara ya kwanza tuisikilize yote bila kuandika, tukitafuta jambo moja tu: khatibu anataka tutoke na nini? Mara ya pili tuchore safu tatu: dakika, hoja na dalili. Hoja kuu hujitambulisha zenyewe, kwani khatibu husema "jambo la kwanza", au hunyamaza kidogo kisha akabadili sauti. Visa na mifano visipewe namba ya hoja. Viwekwe chini ya hoja vinayoitumikia. Khutba ya kiasi hicho kwa kawaida haizidi hoja tatu au nne. Tukijikuta tumeandika kumi na mbili, tujue tumehesabu mifano kuwa hoja.

Ugumu upo katika safu ya tatu. Katika dakika ya tisa khatibu anasoma kwa Kiarabu aya inayoanza kwa maana ya kwamba Allah (S.W.) amemuusia mwanadamu juu ya wazazi wake wawili, wala haitaji sura. Mwandishi mwenye haraka hufungua msahafu, akaiona Al-Ankabut aya ya 8, akaandika. Lakini mwanzo huo unakaribiana sana katika sehemu tatu: Al-Ankabut 8, Luqman 14 na Al-Ahqaf 15. Kinachozitenganisha ni maneno yanayofuata. Ya Al-Ankabut haitaji mimba kabisa. Ya Luqman yataja mama aliyebeba kwa udhaifu juu ya udhaifu, na kuachishwa ziwa katika miaka miwili. Ya Al-Ahqaf yataja miezi thelathini na umri wa miaka arubaini. Kwa hiyo tusisimamishe rekodi kwenye maneno ya mwanzo. Tusikilize aya mpaka mwisho, ndipo tufungue msahafu na tarjuma kuthibitisha.

Katika mfano wetu khatibu alisoma mbili kati ya hizo, ya Luqman na ya Al-Ahqaf, na alikuwa na sababu. Miezi thelathini ya mimba na kunyonyesha, ukitoa miaka miwili ya kunyonyesha, hubakia miezi sita, na kutokana na hapo wanazuoni wakapata muda mchache kabisa wa mimba. Ibn Kathir, katika tafsiri ya aya ya Al-Ahqaf, anasimulia jinsi Ali (R.A.) alivyotoa hoja hiyo kumtetea mwanamke aliyejifungua kwa miezi sita. Mwandishi akiacha aya moja, hoja nzima huanguka. Basi mstari wake uwe hivi:

Dakika 9. Hoja ya pili: mzigo wa mama hauna malipo. Dalili: Luqman 14 pamoja na Al-Ahqaf 15 (miezi 30 kutoa 24).

Katika hadithi kosa ni la namna nyingine. Khatibu alitaja hadithi ya mtu aliyeuliza ni nani anayestahiki zaidi wema wake, akajibiwa mama mara tatu kisha baba, akasema ipo katika Bukhari na Muslim. Mara akaongeza kwamba Pepo iko chini ya nyayo za mama, bila kutaja kitabu. Mwandishi akaziweka zote kwa Bukhari. Hii ya pili, kwa maana yake, iko kwa An-Nasai katika mlango wa jihadi, katika kisa cha Jahima aliyekuja kutaka ushauri wa kwenda vitani. Kanuni ni kwamba kitabu kilichotajwa ni cha hadithi iliyotajwa nacho tu. Na kwa kuwa namba za hadithi hutofautiana kati ya chapa na chapa, tuandike pia jina la kitabu cha ndani, kama Kitabu cha Adabu katika Bukhari.

Dalili tusiyoipata tuiandikie "bado kuthibitishwa", tumuulize khatibu mwenyewe, na mpaka atakapojibu mstari huo usitumwe kwa mtu.